"Hapana Shida" Si Hapana

Kuna njia nyingi sana za kusema ndiyo huku Ukambani, na karibu zote zimewahi kuingia kwenye simu ya kliniki yetu. Ndiyo. Ndio. Ndyo. NDIYOOOO. Ii. Eeh. Sawa. Yes. OK daktari. Muvea. Mungu akipenda. Herufi N peke yake, bila nukta. Njia za kusema hapana ni chache zaidi, lakini ndizo zinazonichukulia muda, kwa sababu mtu wa hapa akikataa jambo hukataa kwa adabu, na adabu ni ndefu kuliko neno moja.

Kazi yangu ni kuyachukua majibu hayo na kuyageuza kuwa ratiba. Mimi ni karani wa rekodi katika kliniki ndogo upande wa Kitui, karibu na mto Athi. Mto huo ndio mpaka na Makueni, kwa hivyo wagonjwa wetu wengine hutoka ng'ambo, kaunti nyingine kabisa, ingawa kwa macho unaona paa za nyumba zao. Jumanne na Alhamisi ni kliniki ya presha na sukari. Tuna tabibu mmoja, ambaye kila mtu anamwita daktari, na kwa siku anaweza kuwaona watu 24 bila kuwafukuza kama kuku. Kila Jumapili jioni meseji inatoka kwenda kwa watu 24 wa Jumanne. Jumatatu nakaa na majibu.

Marafiki zangu wa Nairobi wakiniuliza ninafanya nini huku, nawaambia nasoma meseji za wazee. Wanacheka. Ni kweli lakini. Nataka kueleza kwa nini kazi inayoonekana kama ya mashine inahitaji mtu anayejua kusoma, na kusoma ninakosema si kujua herufi.

Nianze na meseji yenyewe, kwa sababu jibu baya mara nyingi huzaliwa na swali baya. Yetu iko hivi:

```
Kliniki: Una miadi Jumanne 14/10 saa 3 asubuhi. Utakuja? Jibu NDIYO au HAPANA
```

Inaonekana rahisi, lakini kila neno hapo lilipigiwa kura. Haisemi presha wala sukari, maana huwezi kujua ni nani ameshika simu wakati meseji inaingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka habari ya afya ya mtu kwenye fungu la siri nyeti, na hata bila sheria, hakuna anayependa shemeji yake ajue anachotibiwa kupitia kioo cha simu.

Saa tatu imeandikwa saa 3, wala si 9:00. Kwenye kompyuta yangu miadi hiyo inasomeka `09:00`, na ukiacha programu iandike yenyewe itamwambia mgonjwa aje saa 9. Kijana wa mjini atajua ni asubuhi. Mzee wa hapa atafika saa tisa alasiri, akiwa amevaa koti lake zuri, na tabibu ameshafunga. Hatakuwa amechelewa, atakuwa amefika saa aliyoandikiwa.

Tarehe nayo iko pale kwa sababu jina la siku halitoshi. Katika Kikamba siku za juma huhesabiwa kuanzia Jumatatu, kwa hivyo Jumanne ni ya pili, na siku ya nne, "wa kana", ni Alhamisi. Mtu aliyezoea kuhesabu hivyo akisikia "nne" ndani ya Jumanne ana sababu nzuri ya kufikiria Alhamisi. Ile 14/10 inamaliza ubishi.

Mbona basi tusiandike kwa Kikamba chenyewe? Tungependa. Tatizo ni herufi mbili, ĩ na ũ. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, lakini ukiweka herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya msingi ya simu, meseji nzima hubadilisha mfumo wa uandishi na nafasi inashuka hadi herufi 70. Meseji moja inakuwa mbili, bei inakuwa mara mbili, na baadhi ya simu za zamani zinaonyesha viboksi badala ya maneno. Wagonjwa wenyewe wametatua jambo hili zamani, wanaandika "ii" bila kofia na tunaelewana.

Watu pia huniuliza kwa nini tusiseme "jibu 1 au 2". Ni kwa sababu ya zile meseji zinazokwambia ujibu 1 ushinde zawadi, halafu kredo yako inaanza kuyeyuka kila siku bila wewe kujua. Hapa watu wameumwa na nyoka huyo, na wakiona namba ya kubonyeza wanafuta. Halafu namba haibebi sababu. Mtu aliyeandika "hapana nina mazishi" amenipa habari ambayo 2 isingenipa.

Sasa majibu. Yanaingia kwenye simu ya kliniki, nayahamishia kwenye jedwali, na jedwali lina fomula inayojaribu kunisaidia. Watu wengi wakisikia hivi hudhani fomula inatafuta neno "hapana" popote ndani ya meseji. Ungefanya hivyo ungeharibu ratiba kabla ya saa nne asubuhi. Fikiria jibu hili: "Hapana shida." Lina neno hapana, na maana yake ni ndiyo, tena ndiyo yenye moyo mkunjufu. Au hili, ambalo ni Kiswahili cha Kenya kabisa: "Siwezi kosa." Programu iliyofundishwa kwamba "siwezi" ni kukataa itamwondoa mgonjwa mwaminifu kuliko wote. Ukisema basi tuangalie herufi ya kwanza, unakutana na N. Ndiyo inaanza na N, na No ya wale waliosoma Kiingereza inaanza na N pia.

Kwa hivyo fomula yetu ni ya woga, na nimeipenda hivyo. Safu ya kwanza inafuta nafasi za ziada na kugeuza herufi zote kuwa ndogo. Kisha hii inafanya kazi:

```
=IF(D2="","KIMYA",
 IF(OR(D2="ndiyo",D2="ndio",D2="ii"),"NDIYO",
 IF(OR(D2="hapana",D2="aiee"),"HAPANA","SOMA")))
```

Inakubali jibu likiwa neno hilo moja peke yake, basi. Ukiongeza hata nukta mbele ya ndiyo, inasema `SOMA`, yaani sijui, mwite binadamu. Mwanzoni fungu la `SOMA` linaonekana kubwa na unashawishika kuongeza maneno kwenye orodha ili lipungue. Tumejizuia. Kusoma meseji tano kunachukua dakika tatu. Kumtoa kwenye ratiba mtu aliyesema anakuja kunaweza kuchukua mwezi kurekebisha, maana atafika, atakosa faili lake, ataambiwa asubiri, na safari ijayo hatakuja.

Jibu gumu kuliko yote ni "Sawa". Sawa inaweza kuwa nitakuja. Inaweza pia kuwa nimepata meseji yako, asante, Mungu akubariki, na bado sijaamua. Muvea iko hivyo hivyo, ni asante tu. Sisi tunalo sharti kwamba sawa haihesabiwi kuwa ndiyo hadi tupige simu. Inachosha, lakini ni simu ya nusu dakika.

Kabla ya kujua mtu amesema nini inabidi kujua ni nani amesema. Hapo ndipo nilipogundua kwamba jedwali la kompyuta linakula sifuri. Ukiandika namba inayoanza na 07, linadhani ni hesabu na kuifuta sifuri ya mbele. Jibu nalo linarudi likiwa na +254. Sasa una namba moja yenye sura tatu, na kompyuta inaapa kwamba ni watu watatu. Dawa yake ni kulinganisha tarakimu tisa za mwisho peke yake, `=RIGHT(B2,9)`, ambazo hazibadiliki kwa sura yoyote.

Hilo ni tatizo la namba moja yenye sura nyingi. Kuna lingine la namba moja yenye watu wengi. Huku simu ni ya nyumba, mara nyingine ni ya mtaa. Tuna kina mama wawili, wake za ndugu, ambao wote wameandikisha simu ya jirani yao mwalimu. Ukitumia `VLOOKUP` kutafuta mwenye namba, inakupa wa kwanza kwenye orodha na kunyamaza, haikwambii kuna wa pili. Meseji ikirudi "Ndiyo", wa kwanza anathibitishwa na wa pili anahesabiwa kimya, hata kama aliyejibu ni huyo wa pili. Sasa tunahesabu kwa `COUNTIF` kila namba inatokea mara ngapi, na zozote zinazotokea zaidi ya mara moja hazitumiwi meseji. Wanapigiwa, na kila mmoja anaulizwa kwa jina lake.

Halafu kuna laini zilizosajiliwa kwa jina la kijana aliye Mlolongo au Mombasa, aliyemnunulia mama simu, na baadaye simu ya mama ikaharibika akachukua laini. Meseji inamfikia yeye akiwa kazini. Wengine wanajibu Hapana kwa haraka, maana wao hawana miadi na kliniki yoyote. Hiyo ni hapana ya kweli kutoka kwa mtu ambaye si mgonjwa, na ukiifuata unamnyang'anya mama yake nafasi. Ndiyo maana kwetu hakuna Hapana inayogusa ratiba kabla hatujasikia sauti ya mgonjwa mwenyewe.

Acha niwapitishe kwenye Jumanne moja, ile ya tarehe 14 Oktoba 2025. Mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Meseji 24 zilitoka Jumapili. Jumatatu asubuhi fomula iliniambia: 11 `NDIYO`, 2 `HAPANA`, 5 `SOMA`, 6 `KIMYA`. Nikasoma zile tano. Moja ilikuwa "Hapana shida", nyingine "Siwezi kosa", na zote mbili zikaenda kwenye ndiyo. "Sawa daktari" nilimpigia, akasema anakuja. Ya nne ilikuwa ile meseji ya bure ya kuomba upigiwe, nikapiga, na baba wa watu akaniambia kwamba hana nauli ya Jumanne, ila jirani yake ana miadi Alhamisi na watapanda boda moja. Hiyo ni hapana, na ni hapana yenye mpango ndani yake. Ya tano ilisema "Niko Nairobi muulize mama", na mama hana simu nyingine, kwa hivyo kwangu mama huyo bado yuko kimya. Kufikia hapo nilikuwa na 14 wanaokuja, 3 wasiokuja, na 7 wa kimya.

Mmoja wa wale wawili walioandika HAPANA tupu alikuwa mama wa ng'ambo, upande wa Makueni, anayetibiwa presha. Nilimpigia.

"Mwaitu, habari ya asubuhi? Ni wa kliniki."

"Nzuri, mwana wakwa. Nilimwambia huyu mtoto aandike. Jumanne kuna mazishi."

"Pole sana, mwaitu. Basi tukuweke Jumanne ijayo?"

"Hiyo ni sawa. Dawa bado ninazo."

Hapa ndipo ratiba inapokutana na dawa. Mama huyu alipewa vidonge 30 tarehe 16 Septemba, kimoja kila asubuhi, akaanza tarehe 17. Ukihesabu, kidonge cha mwisho ni cha asubuhi ya tarehe 16 Oktoba. Miadi iliwekwa siku mbili kabla ya dawa kuisha, ili kuwe na nafasi ya kuteleza. Akija Alhamisi tarehe 16 hajakosa hata siku moja. Akija Jumanne tarehe 21, asubuhi tano zitapita bila dawa, kuanzia tarehe 17 hadi asubuhi hiyo ya safari. Kwa hivyo swali la kumuuliza mtu aliyesema hapana huwa ni moja, vidonge vimebaki vingapi, na siku ya wazi unayompa haiwezi kuvuka kidonge cha mwisho.

Nikamwomba avihesabu. Nilimsikia akiita mjukuu, nikasikia kopo likitikiswa. Kwa hesabu yangu vilitakiwa kubaki vitatu, cha Jumanne, cha Jumatano na cha Alhamisi.

"Ni saba," akasema.

Mtu asiyejua angefurahi. Saba ni vingi kuliko vitatu, mama anaweza kungoja Jumanne ijayo na hata zaidi. Lakini saba ni habari mbaya. Maana yake ni kwamba kuna asubuhi nne ambazo hakumeza. Presha haina kelele, mtu hajisikii vibaya, anaona dawa ni ya siku kichwa kinapouma, na anaiweka akiba kama unga. Akiba hiyo ndiyo inayomleta mtu kliniki siku moja akiwa amebebwa, mdomo umekwenda upande.

Sikumgombeza. Si kazi yangu, na mtu ukimgombeza kwa simu, mara nyingine atakwambia ni vitatu hata kama ni kumi. Nilimwambia tu kwamba daktari angependa amwone wiki hii, na kama mazishi ni Jumanne, je, Alhamisi anaweza? Akasema Alhamisi atakuja. Nikaandika kwenye jedwali tarehe mpya, sababu ya kuhama, na neno moja kwa tabibu: vidonge 7, vilitakiwa 3. Alhamisi alikuja mapema kuliko wote. Presha yake ilikuwa 168 kwa 102. Tabibu akakaa naye muda mrefu kuliko kawaida, na hawakuzungumzia sana dawa, walizungumzia siku zile nne.

Kama Hapana yake ingefuta jina lake kwenye Jumanne na kusubiri apige simu mwenyewe, ningekuwa na ratiba safi na nisingejua lolote kuhusu kopo lile.

Wabaki wale saba wa kimya. Kimya kina majaribu yake, maana nafasi zinahitajika, na kuna mtu wa Alhamisi angependa kuja Jumanne. Ni rahisi kusema hajajibu, basi hataki. Lakini kujibu meseji kunagharimu. Hata shilingi moja ya kredo ni shilingi ambayo lazima iwe kwenye simu wakati huo, na mtu aliyekwisha kukopa Okoa Jahazi hakopi tena ili kuniambia ndiyo. Simu inaweza kuwa imezima hadi apelekwe sokoni ikachajiwe. Meseji inaweza kufika Jumatano, na jibu lake likafika Jumatano pia. Ndiyo ya namna hiyo ukiiacha bila tarehe inaweza kujibandika kwenye miadi ya mwezi ujao. Kwetu jibu linahesabiwa hadi saa kumi jioni ya Jumatatu. Baada ya hapo ni la kusomwa.

Kuna watafiti waliowahi kushughulikia kimya kwa umakini, na walikuwa hapa hapa Kenya. Utafiti uliitwa WelTel, ukachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Walikuwa wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU, katika kliniki za Pumwani na Coptic jijini Nairobi na nyingine Kajiado. Nusu yao walipata meseji moja kila wiki, na meseji ilikuwa neno moja: Mambo? Mgonjwa alijibu Sawa au Shida ndani ya saa 48. Haikutaja ugonjwa, haikutaja dawa. Ukisoma meseji hiyo kwenye simu ya mtu ungedhani ni rafiki yake. Baada ya mwaka mmoja, waliopata meseji walimeza dawa vizuri zaidi, asilimia 62 dhidi ya 50 ya wale wengine.

Ninachokipenda pale ni kile kilichofuata jibu. Aliyesema Shida alipigiwa na muuguzi. Aliyenyamaza alipigiwa pia. Kimya kiliwekwa kwenye fungu moja na shida, na mtu aliyepiga hakuenda kulaumu, alikwenda kuuliza.

Swali lao lilikuwa tofauti na letu, wao waliuliza hali na sisi tunauliza nia, lakini sharti hilo tumelichukua kama lilivyo. Ile Jumatatu niliwapigia wote saba. Wa yule mama mwenye laini ya Nairobi nilipitia kwa jirani. Watatu walisema wanakuja. Mmoja alikuwa amekwenda kwa binti yake Mombasa, akahesabu vidonge, tukampa siku ambayo vinamtosha. Watatu hawakupatikana.

Basi Jumatatu jioni ratiba ilisema hivi: 17 wanaokuja, 4 waliohamishwa, 3 wasiojulikana. Nafasi nne zikawa wazi. Mbili niliwapa watu wa Alhamisi ambao dawa zao zilikuwa zinaisha Jumatano, na mbili nikaziacha kwa wanaofika bila miadi, maana huwa wapo. Zile tatu za wasiojulikana sikuzigusa. Jumanne, wawili kati ya hao watatu walifika, mmoja akiwa na simu yenye chaji ya asilimia mbili na meseji yetu haijafunguliwa. Alikuja kwa sababu tarehe ilikuwa kwenye kadi yake. Na kati ya wale 17 wa ndiyo, wawili hawakufika. Ndiyo nayo ina mipaka yake. Mmoja boda yake ilikwama, mwingine nilipompigia nikaambiwa aliyejibu ni mtoto wa darasa la nne, ambaye huwajibu watu wote ndiyo.

Kwa hiyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani meseji zinatabiri. Faida yake kubwa niliiona baadaye, kwenye safu ya sababu. Katika jedwali letu hatufuti mstari wa mtu aliyehama. Tunaacha tarehe ya zamani, tunaongeza mpya, na tunaandika sababu kwa maneno yake mwenyewe. Mazishi. Nauli. Mto. Kupanda. Nimefungua safu hiyo ya mwaka mzima nikaipanga kwa miezi, na hapana hazikutawanyika. Zilijazana Novemba.

Ukizaliwa huku hushangai. Mvua tunayoitegemea Ukambani ni ile ya mwisho wa mwaka, Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hutudanganya mara nyingi. Mvua ya kwanza ikinyesha kila mkono unatakiwa shambani, mahindi na kunde na pojo viingie ardhini kabla unyevu haujatoroka. Mwanamke mwenye presha ya miaka kumi hataacha shamba siku hiyo akapange foleni. Na wa ng'ambo hata akitaka, Athi ikijaa haivukwi kwa ujasiri. Sisi tulikuwa tunawapa dawa za mwezi mmoja katikati ya Oktoba, halafu tunawapangia kurudi katikati ya Novemba, halafu tunashangaa meseji zinarudi na hapana.

Niliipeleka orodha kwa tabibu. Alikaa nayo, akaniuliza maswali mawili matatu kuhusu watu wa ng'ambo, na tukakubaliana jambo ambalo sasa liko kwenye ratiba. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia, na vidonge vyake vikihesabiwa vinalingana na siku, akija Oktoba anaondoka na dawa za siku 60. Tarehe yake ya kurudi inaangukia Desemba, mimea ikiwa imeshapaliliwa. Ambaye hajatulia, kama yule mama wa vidonge saba, hapewi 60. Yeye tunamweka karibu, na kama ni lazima tunamtafutia siku ambayo mto unapitika.

Meseji haikubadilika. Bado inauliza utakuja, jibu NDIYO au HAPANA. Ila Novemba hii tulituma chache kuliko mwaka jana, na fungu la `SOMA` Jumatatu moja lilikuwa na jibu moja tu. Lilitoka Makueni. Lilisema: "Ii lakini mvua ikinyesha aiee." Nilimpigia. Alikuwa na vidonge tisa, na vilitakiwa kuwa tisa. Nikamwandikia siku mbili, moja ya jua na moja ya mvua.